Voisi imefika na haisikilizwi: mzazi ajibu nini?

Kuna ujumbe mmoja unaowapa wazazi presha kuliko mwingine wowote: voisi iliyoingia peke yake kutoka nyumbani, bila neno hata moja la maandishi, wakati mzazi yuko mahali ambapo hawezi kuisikiliza. Simu imetetemeka. Jina ni la dada wa kazi. Kwenye kioo kuna alama ya maiki, mstari, na sekunde 47. Hakuna salamu, hakuna jina la mtoto. Inawezekana gesi imeisha. Inawezekana mtoto ameanguka. Na mbele ya mzazi kuna mteja, au bosi, au darasa zima linalomtazama.

Ujumbe wa maandishi ungesomwa kwa kutupia jicho tu. Simu ikipigwa, mlio wenyewe unasema kuna jambo. Voisi haifanyi hili wala lile. Imefunga habari ndani kama barua kwenye bahasha, na kuifungua kunahitaji nafasi ya kuweka simu sikioni. Hata urefu wake hausemi kitu. Voisi ya dakika tatu inaweza kuwa hadithi ya jirani na kuku wake, na ya sekunde sita inaweza kuwa "mama, njoo upesi".

Wazazi wengi hapo hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine hunyamaza mpaka wapate nafasi. Wengine, kwa nia njema kabisa, hujibu haraka ili mtumaji asijione amepuuzwa: "Sawa." Au wanabonyeza kidole gumba. Kunyamaza kuna hatari yake, lakini "Sawa" ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, na wachache huiona.

"Sawa" ni ruhusa

Tuchukue mama anayefanya kazi mapokezi kwenye ofisi fulani. Simu anaruhusiwa kuwa nayo, na anaweza kuandika maneno machache chini ya meza, lakini hawezi kuiweka sikioni wakati watu wamepanga foleni mbele yake. Nyumbani ameacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu na kaka yake wa miaka saba, pamoja na dada anayewalea. Asubuhi ile mdogo aliamka ana joto. Mama akampa dawa ya maji ya paracetamol saa 1:00, akambembeleza, akakimbilia daladala. Katika haraka hiyo hakumwambia dada kwamba mtoto ameshakunywa dawa.

Saa 4:10 voisi ya sekunde 47 inaingia. Ndani yake dada anasema hivi: mtoto bado ana joto, ametapika mara moja, amekataa uji. Kabatini ameiona ile chupa ya dawa ya homa ya kaka yake. Je, ampe kama anavyopewa kaka yake, au asubiri?

Mama hajui hata neno moja kati ya hayo. Anaandika "Sawa", akimaanisha "nimeuona ujumbe wako". Dada naye ameuliza swali, na jibu lililorudi ni "Sawa". Anafungua chupa.

Hapo makosa matatu yanakutana kwenye kijiko kimoja. Kwanza, dawa ya saa 1:00 bado iko mwilini. Paracetamol ya mtoto haitakiwi kurudiwa kabla ya saa nne kupita, na haizidi mara nne kwa siku nzima ya saa 24. Pili, kipimo cha mtoto wa miaka saba si cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Tatu, chupa zenyewe hazilingani nguvu: zipo ambazo mililita 5 zina miligramu 120, na zipo za watoto wakubwa ambazo mililita hizo hizo 5 zina miligramu 250. Kijiko ni kilekile, dawa ni zaidi ya maradufu. Paracetamol ikizidi huumiza ini, na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote siku hiyo.

Dada hakukosea. Aliuliza, akajibiwa. Mama naye hakukusudia kutoa ruhusa. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili neno "sawa" hubeba kazi mbili: "nimesikia" na "nimekubali". Mtu aliyetoka kuuliza swali atalisoma kwa maana ya pili. Kidole gumba ni vilevile. Swali likiwa "mwalimu anasema watoto wataenda matembezi kesho, nimwambie ndiyo?" au "kuna mjomba amekuja kumchukua mtoto, nimruhusu?", jibu la kidole gumba limeshampeleka mtoto mahali ambapo mzazi hajui.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kwa voisi ambayo haijasikilizwa, mzazi asijibu kwa neno lolote linaloweza kusomwa kama ndiyo. "Sawa", "poa", "haya", "hamna shida", vyote vikae kando mpaka voisi isikilizwe.

Jibu lenye sehemu nne

Jibu zuri ni fupi, linaandikika kwa dakika moja, na lina sehemu nne. Yule mama wa mapokezi angeweza kuandika hivi:

"Nimeona voisi, sijaisikiliza. Nitasikiliza saa 5. Niandikie 1 kama ni haraka, 2 kama inasubiri. Usimpe dawa wala usimtoe mtoto kabla hatujaongea. Hali ikiwa mbaya mpeleke zahanati, usinisubiri."

Sehemu ya kwanza inasema ukweli: ujumbe umeonekana, sauti haijasikilizwa. Ni lazima yote mawili yasemwe. Anayeandika "nimeona" peke yake, dada ataelewa ameshajua kila kitu.

Sehemu ya pili inataja saa. "Baadaye" si saa. Kwa mtu aliyeko na mtoto anayelia, "baadaye" inaweza kuwa dakika kumi au jioni, na kila mtu huijaza kwa namna anayotaka. Akiandikiwa saa 5, dada anaweza kujipima mwenyewe kama jambo lake linafika saa 5 au halifiki. Mzazi ataje saa anayoweza kuitimiza. Saa ya uongo ikipita mara mbili, mara ya tatu haitaaminiwa.

Sehemu ya tatu ni swali linalojibika kwa herufi moja. Watu wengi hutuma voisi kwa sababu kuandika ni kazi: mkono mmoja umembeba mtoto, au mwenyewe haandiki vizuri na anaona aibu makosa yake yasomwe na mwajiri. Akiulizwa "Kuna nini?" atajibu kwa voisi nyingine, na mzazi atakuwa na bahasha mbili zilizofungwa. Akiambiwa aandike 1 au 2, hata aliyebeba mtoto atabonyeza.

Sehemu ya nne ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa sababu inaelekea pande mbili. Inafunga mlango wa mambo ambayo yakifanyika hayarudishwi: dawa ambayo mzazi hakuiachia maagizo, na mtoto kutolewa nyumbani au kukabidhiwa mtu. Lakini haitakiwi kumfunga dada mikono. Mzazi akiandika tu "usifanye chochote mpaka nikupigie", na mtoto akazidiwa saa 4:30, dada mtiifu atakaa naye akisubiri saa 5. Ndiyo maana maneno ya mwisho, "hali ikiwa mbaya mpeleke zahanati, usinisubiri", hayaachwi hata kama nafasi ni ndogo.

"Hali mbaya" nayo ielezwe mapema, siyo siku hiyo. Wahudumu wa afya wa watoto chini ya miaka mitano hutumia dalili za hatari zinazojulikana, na dada yeyote anaweza kuzikumbuka: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea, anasinzia mno na haamki vizuri. Moja tu kati ya hizo inatosha. Hapo hakuna voisi wala kusubiri jibu: mtoto apelekwe kituo cha afya, na mzazi atajulishwa njiani.

Baada ya kutuma, tazama tiki

Jibu zuri ambalo halijafika ni sawa na kunyamaza. Wengi hutuma, wanarudisha simu mfukoni, wanaamini kazi imeisha. Kwenye WhatsApp tiki moja maana yake ujumbe umetoka kwenye simu ya mtumaji lakini haujafika kwa mwenzake. Tiki mbili maana yake umefika. Hili lina uzito wake nyumbani, kwa sababu dada mwenye bando dogo huwasha data, hutuma voisi, kisha huzima data ili bando lisiishe. Jibu la mzazi linabaki na tiki moja mpaka atakapowasha tena.

Kwa hiyo baada ya kama dakika mbili mzazi atupie jicho. Tiki ikiwa bado moja, maneno yaleyale yatumwe kwa meseji ya kawaida ya simu, ile isiyohitaji data. Hilo hufanyika hata kwa anayetumia simu ndogo ya vitufe.

Alama ya maiki nayo inazungumza. Kwa aliyetuma voisi, maiki hubaki ya kijivu mpaka mpokeaji aibonyeze isikike, kisha hugeuka buluu. Hata mzazi aliyezima tiki za buluu kwenye mipangilio ya simu yake hawezi kuizuia maiki hiyo kugeuka. Matokeo yake ni haya: mzazi akiibonyeza kwa bahati mbaya mfukoni, au akaifungua ndani ya daladala yenye muziki asisikie kitu, dada ataona maiki ya buluu na kuamini mama ameshasikia. Ikitokea hivyo, mzazi aandike mara moja: "Imejifungua, sijasikia."

Kuna pia voisi za kusikilizwa mara moja tu, zenye alama ya namba 1 ndani ya duara. Hizo zikishachezwa zimekwenda, hazirudiwi. Ikija ya namna hiyo mzazi asijaribu kuionja kwa sekunde mbili tatu akiwa kwenye kelele. Asubiri mahali pa utulivu, na jioni amwombe mtumaji asitumie aina hiyo kwa mambo ya watoto.

Akijibu 1, akijibu 2, asipojibu

Turudi kwa yule mama. Ametuma jibu lake saa 4:12. Tiki mbili zimeonekana. Saa 4:14 dada ameandika: 1.

Kishawishi cha kwanza ni kukimbilia korido akaisikilize voisi. Afadhali apige simu. Voisi ile inaeleza mtoto alivyokuwa saa 4:10, na dakika chache kwa mtoto mdogo zinaweza kubadilisha mambo. Simu inaeleza alivyo sasa, na maswali yanaulizwa papo hapo. Mama anamwambia mwenzake wa meza ya pili, "Naomba dakika tatu, mtoto anaumwa," na hilo hakuna mwajiri mwenye akili atakayelikataa. Anatoka, anapiga.

Maswali yake yanakwenda kwa mpangilio: Anakunywa maji? Baada ya kunywa anatapika yote? Ukimwita anakuangalia? Kumetokea degedege? Umeshampa dawa yoyote? Dada anajibu kwamba mtoto ametapika mara moja tu, maji anakunywa, anaangalia, hajapewa kitu. Sasa mama ndiyo anasema lile alilolisahau asubuhi: "Nilimpa dawa saa 1, kwa hiyo usimpe nyingine sasa hivi. Chupa ya kaka yake usiiguse kabisa. Mpunguze nguo, endelea kumpa maji na maziwa kidogo kidogo. Nitakupigia saa 5. Akianza kutapika kila kitu, au akilegea, nenda naye zahanati papo hapo. Kadi yake ya kliniki iko droo ya juu." Joto likiendelea, mama atapanga mtoto apimwe siku hiyohiyo, kwa sababu homa ya mtoto mdogo katika maeneo yenye malaria haitibiwi kwa kukisia.

Simu yote imechukua dakika mbili na nusu. Saa 5, akipata nafasi, bado ataisikiliza ile voisi. Humo huwa kuna jambo ambalo halikutajwa kwenye simu, kwa mfano kwamba jirani alisema atakuja kumchukua mtoto.

Dada angejibu 2, mama angeendelea na kazi kwa amani na kusikiliza saa 5 kama alivyoahidi. Akiisikiliza asiishie hapo. Aandike uamuzi kwa maneno yanayosimama yenyewe. Asiandike "sawa" hata sasa, aandike "Ndiyo, nunua gesi, hela natuma sasa hivi" au "Hapana, asiende matembezi, nitaongea na mwalimu." Voisi ya sekunde 47 inaweza kuwa na maswali matatu ndani yake, na "sawa" moja haionyeshi limejibiwa lipi.

Na kama tiki mbili zimeonekana lakini hakuna 1 wala 2? Dakika tano zikipita kimya, mzazi achukulie kwamba jibu ni 1 na apige simu. Mara nyingi atakuta dada alikuwa anafua. Ni bei ndogo. Mara chache atakuta mikono ya dada imejaa kwa sababu ambayo mzazi angetaka kuijua.

Bibi asiyesoma

Jibu la maandishi lina mpaka wake. Kuna bibi kijijini anayelea mjukuu, ambaye hutuma voisi kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee anayoiweza. Macho yamechoka, au shule hakwenda. Kumwandikia "andika 1 au 2" ni kumpa bahasha nyingine iliyofungwa, safari hii kwa upande wake. Atamtafuta mtoto wa jirani amsomee, na pengine mambo yenyewe ni ya siri ya familia.

Kwake mzazi anahitaji kujibu kwa sauti wakati ambapo hawezi kutoa sauti. Inawezekana, kama maandalizi yamefanyika nyumbani. Jioni moja mzazi arekodi voisi fupi kwa utulivu: "Shikamoo mama. Nimeona ujumbe wako ila niko kazini, sijausikiliza bado. Nitausikiliza mchana nikila. Kama ni jambo la haraka, nipigie simu ya kawaida mara mbili mfululizo, nitapokea." Aitume kwenye ile sehemu ya WhatsApp ya kujitumia ujumbe mwenyewe, ikae hapo kama akiba. Siku voisi ya bibi inapoingia katikati ya kikao, mzazi anaishika ile ya akiba kwa kidole, anaipeleka mbele kwa bibi, na hakuna mtu mezani aliyesikia kitu. Bibi anasikia sauti ya mwanawe, amesalimiwa kama inavyopaswa, na anajua la kufanya.

Kwa nini mara mbili mfululizo? Kwa sababu simu nyingi za kisasa, hata zikiwekwa kwenye hali ya kutosumbuliwa, zina mpangilio wa kumruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika chache alie. Mzazi aukague mpangilio huo kwenye simu yake na kuujaribu, kwa kuwa haufanani simu zote na kwenye nyingine umezimwa. Na bibi aelekezwe kupiga simu ya kawaida, siyo ya WhatsApp, isije bando likawa ndiyo kizuizi. Asipokuwa na salio, mitandao mingi ina huduma ya bure ya kuomba kupigiwa. Kijana wa jirani anaweza kumwonyesha mara moja mpaka vidole vyake vizoee.

Namba ngeni

Wakati mwingine voisi inatoka kwenye namba isiyo na jina. Inaweza kuwa dereva wa basi la shule aliyebadili laini. Inaweza kuwa dada ambaye simu yake imezima na ameazima ya jirani. Inaweza pia kuwa tapeli anayetafuta pa kuanzia.

Hapa kosa la mzazi mwenye hofu ni kumsaidia mgeni kwa kumtajia majina: "Wewe ni mwalimu wa fulani? Amepatwa na nini?" Kwa sentensi hiyo tapeli amepewa jina la mtoto, amejua anasoma, na amejua mzazi ameshatetemeka. Atakachoandika baada ya hapo ni "Ndiyo mama, ni mwalimu wake, yuko hospitali, tuma hela haraka."

Jibu linalofaa halina jina la mtu yeyote: "Habari. Siwezi kusikiliza voisi sasa. Naomba uandike jina lako, na jina la mtoto unayemzungumzia." Mtu wa kweli atajibu kwa maneno manne. Hata akijibu vizuri, ikiwa jambo ni la fedha au la mtoto kuchukuliwa, mzazi apige kwanza kwenye namba ya shule au ya nyumbani aliyokuwa nayo siku zote, siyo ile mpya. Simu hiyo moja humaliza utata wote.

Jioni moja ya makubaliano

Haya yote yanakuwa mepesi kama yamezungumzwa kabla. Mzazi akae na dada jioni moja watoto wakiwa wamelala, bila lawama. Lawama ndiyo huzaa voisi: dada aliyewahi kufokewa "usinipigie nikiwa kazini" hatapiga tena, hata siku ambayo alitakiwa kupiga.

Wakubaliane mambo mawili tu. La kwanza, kabla ya kila voisi dada aandike neno moja: "homa", "gesi", "shule", "mgeni". Neno likitangulia, mzazi ataliona kwenye kioo bila kufungua chochote, na kazi yote ya kukisia itakuwa imekwisha. Asiyeandika kabisa anaweza kutuma picha: ya kipimajoto, ya mtungi, ya daftari la shule. La pili, zile dalili nne za hatari zina njia yake, nayo ni kumpeleka mtoto kituo cha afya na kupiga simu. Voisi haihusiki hapo. Mzazi aache salio dogo kwenye simu ya dada kwa kazi hiyo pekee, pamoja na nauli ya bodaboda mahali panapojulikana.

Halafu wafanye jaribio. Mzazi atoke nje ya nyumba, dada atume neno na voisi, mzazi ajibu kama angejibu akiwa kazini, dada aandike 1. Makosa yatajionyesha palepale: pengine simu ya mzazi haitetemeki ikiwa kimya, au dada hajui kurudi kwenye ukurasa wa kuandika akitoka kwenye maiki, au saa iliyoandikwa ni 11 na mmoja ameielewa kwa kiswahili na mwingine kwa kizungu. Hilo la saa pia liamuliwe jioni hiyo, na liandikwe siku zote kwa namna moja.